Barua ya Jikoni kwa Mwenye Hoteli: Kilo za Nguru Zilikwenda Wapi?

Mwenye hoteli akiuliza kwa nini gharama ya chakula kwa siku imepanda, jibu la kwanza kutoka jikoni huwa ni lile lile: bei za sokoni zimepanda. Mara nyingi ni kweli. Ubaya wake ni kwamba halipimiki. Bei zikipanda kidogo na gharama ikapanda maradufu, jibu litakuwa hilo hilo, na hakuna wa kulipinga. Mwenye mali anabaki na mashaka, mashaka yanageuka tuhuma, na kesho yake mlinzi anaambiwa apekue mikoba ya wapishi getini.

Meneja wa jiko anayejua kazi yake huwahi kabla mambo hayajafika huko. Anakaa chini, anaandika barua ya kurasa mbili, na ndani yake anaonyesha kila shilingi iliyoongezeka ilipitia mlango gani. Makala haya yanafuata barua moja ya namna hiyo, kutoka hoteli ya wastani ya ufukweni huku Tanzania Bara, inayopika chakula cha mchana na cha jioni kwa wageni. Hesabu nimezirahisisha ili zifuatike, na bei zichukuliwe kuwa za mfano. Njia ya kuhesabu ndiyo ya kuchukua.

Kichwa cha barua kilikuwa hivi: "Yah: Kupanda kwa gharama ya chakula kwa siku, mwezi Julai." Chini yake meneja akaweka takwimu mbili tu. Mwezi Juni jiko lilitumia wastani wa shilingi 1,200,000 kwa siku kulisha wageni 120. Mwezi Julai likatumia 1,495,000 kulisha wageni 130. Ongezeko ni shilingi 295,000 kila siku. Hiyo ndiyo fedha inayotafutwa.

Kabla ya kuitafuta, kuna swali ambalo wengi huliruka: je, takwimu yenyewe ni sahihi? Majiko mengi huhesabu gharama ya siku kwa kujumlisha risiti za manunuzi za siku hiyo. Hayo ni manunuzi, hayajawa matumizi. Siku mzabuni anapoleta magunia manne ya mchele, gharama inaonekana imepaa hadi dari. Siku tatu zinazofuata inaonekana imeshuka, na mpishi anasifiwa kwa kubana matumizi wakati anapika mchele ule ule. Matumizi hupatikana kwa kuchukua mali iliyokuwepo stoo na kwenye majokofu mwanzoni, kujumlisha iliyonunuliwa, kisha kutoa iliyobaki mwishoni. Jokofu la jikoni lihesabiwe pia. Nimeona stoo zinazohesabiwa hadi kijiko cha mwisho cha bizari, huku kilo ishirini za nyama zilizokwisha kutolewa na kukatwa zikiwa jikoni bila kuandikwa popote. Meneja wetu alihesabu mali tarehe 1 asubuhi na tarehe 31 usiku baada ya jiko kufungwa, na akalisema hilo katika sentensi moja ya barua. Sentensi hiyo inampa msomaji sababu ya kuamini zinazofuata.

Sasa fedha inagawanywa. Ongezeko lolote la gharama ya chakula hupitia milango mitatu: idadi ya wageni, bei, na kiasi cha chakula kilichotumika kwa kila mgeni. Ukiichanganya, hutajua lolote. Ukiitenganisha kwa mpangilio huu, hesabu ni ya dakika chache.

Anza na wageni, kwa sababu hao ndio rahisi. Mwezi Juni kila mgeni aligharimu shilingi 10,000. Julai waliongezeka wageni kumi kwa siku, kwa hiyo shilingi 100,000 za ongezeko ni zao. Hizo zisimnyime mwenye hoteli usingizi, maana wageni hao wamelipa.

Zimebaki 195,000. Hapa ndipo bei inapopimwa peke yake. Chukua kile alichokula mgeni mmoja mwezi Juni, kwa kiasi kile kile, ukipigie hesabu kwa bei za Julai. Huna haja ya kufanya hivyo kwa kila kitu kilichomo stoo. Vitu vinane hadi kumi vinavyobeba fedha nyingi vinatosha: samaki, kamba, kuku, nyama, mchele, mafuta, nyanya, vitunguu, nazi, matunda. Meneja alipopiga, mgeni yule yule wa Juni, kwa bei za Julai, alifika 10,600. Shilingi 600 mara wageni 130 ni 78,000 kwa siku. Nguru peke yake alichangia kama 23,000 kati ya hizo, kwa kuwa kilo ilipanda kutoka 13,000 hadi 15,000. Si ajabu. Julai kusi limekolea, bahari imechafuka, mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki anayefika pwani anagombaniwa.

Kwa hiyo "bei zimepanda" ilikuwa kweli, ila ilieleza shilingi 78,000 kati ya 295,000. Ukitoa wageni na bei, zinabaki 117,000 kila siku, ambazo bei za kwenye risiti hazizielezi hata chembe. Kwenye karatasi, hizo zilitumika jikoni, kwa kiasi kikubwa zaidi cha chakula kwa mgeni yule yule. Meneja angeweza kuifunga barua hapa na kuahidi kuwa mkali kwa wapishi. Badala yake alichukua mizani.

Alianza na nguru, kwa sababu anauzwa sahani 40 kwa siku na ni ghali. Kanuni ya jiko ilisema kipande kibichi cha gramu 200. Mizani aliihakiki kwanza: chupa tupu ikapimwa, ikatiwa lita moja kamili ya maji, ikapimwa tena, tofauti lazima iwe kilo moja. Mizani ya jikoni huanguka, hulowa, huchoka betri, na kipimo kibovu kitamtia hatiani mtu asiye na kosa. Kisha akapima vipande vibichi kumi pale mezani pa kukatia, kabla ya chumvi na ndimu. Hakutangaza siku. Alipima vitano asubuhi na vitano jioni jiko likiwa limepamba moto, kwa sababu mkono wa saa nne asubuhi si mkono wa saa mbili usiku.

Kwa nini vibichi? Kwa sababu kipande cha samaki kikichomwa hupoteza maji, pengine hadi robo ya uzito wake, na kiasi kinachopotea hubadilika kwa moto na muda. Anayepima sahani iliyokwisha kupikwa na kuilinganisha na kanuni ya kipande kibichi atakuta gramu 180, ataona wapishi wanabana, na ataambulia patupu. Kibichi kilinganishwe na kibichi.

Matokeo aliyaandika yote kumi kwenye barua, kwa gramu: 215, 260, 225, 270, 240, 235, 250, 210, 265, 230. Wastani ni 240. Lakini usiishie kwenye wastani, tazama vizuri namba zenyewe. Hakuna hata kipande kimoja kilicho chini ya 200. Mkata samaki anayekisia tu hukosea pande zote mbili. Huku anakata 170, kule 230. Vipande vyote vikiegemea upande mmoja, jua kwamba mkono wake una kipimo, na kipimo chenyewe ndicho kilichopotoka.

Meneja akamwita mkata samaki, mtu mzima aliyekaa jikoni miaka mingi, akamwomba akate mbele yake bila kumweleza kitu. Mzee alilaza nguru, akaweka vidole viwili pembeni mwa kisu, akakata. Akasogeza vidole, akakata tena. Kipimo chake kilikuwa unene wa vidole viwili, na hakijabadilika miaka yote. Kilichobadilika ni samaki. Mwezi Juni mzabuni alikuwa akileta nguru wa kilo tano au sita. Kusi lilipokolea akaanza kuleta wakubwa wa kilo kumi, ndio aliowapata. Nguru wa kilo kumi ana mwili mpana. Unene ule ule wa vidole viwili unatoa kipande kizito zaidi. Mzee wa watu hakuongeza kitu. Alikuwa mwaminifu kwa kipimo kilichofaa samaki mwingine.

Hesabu yake ni hii. Nguru wa kilo kumi, akitolewa kichwa, matumbo, mapezi na mkia, jikoni pale alitoa kilo saba za kukata vipande. Kwa gramu 200, kilo saba zinatoa vipande 35. Kwa gramu 240 vinatoka 29. Samaki yule amenunuliwa kwa 150,000. Ukimgawa kwa 35, kipande kinasimama kwa karibu 4,290, na kwa 29 kinafika karibu 5,170. Tofauti ya kama shilingi 880 kwa sahani, mara sahani 40, ni shilingi 35,000 na ushei kwa siku. Hakuna aliyeiba, na mgeni hakujua kwamba amezidishiwa.

Hiyo asilimia 70 isichukuliwe kuwa sheria. Samaki akifika ameshatolewa matumbo, itapanda. Kisu kikiwa butu na nyama ikabaki kwenye kichwa, itashuka. Kila jiko lipime samaki wake, angalau watatu wa ukubwa tofauti, na lipime tena mzabuni akibadilika. Dawa ya vipande yenyewe ni nyepesi: mizani ikae mezani pa kukatia, na mkata samaki apime kipande cha kwanza cha kila samaki, kisha arekebishe nafasi ya vidole vyake. Akilazimishwa kupima kila kipande, siku ya tatu mizani itakuwa kabatini. Vipande vya karibu na mkia ni vidogo na havitafika 200 bila kuwa vinene mno, kwa hiyo vitengwe kwa ajili ya mchuzi wa nazi, ambako uzito hupimwa kwa jumla.

Baada ya nguru akageukia kamba waliogandishwa, waliokwisha menywa, wa mifuko ya kilo mbili. Kwenye karatasi hapakuwa na tatizo: bei ilikuwa 30,000 kwa kilo mwezi Juni, na Julai ni hiyo hiyo. Mpishi alipimiwa gramu 150 za kamba kwa sahani na alikuwa akitoa 150 barabara. Hata hivyo, kadi ya stoo ilionyesha mifuko inakwisha mapema. Katika hali kama hii wengi humgeukia mtunza stoo.

Meneja aliuchukua mfuko mmoja, akaupima ukiwa umeganda: kilo mbili kamili. Akauacha uyeyuke usiku kucha kwenye jokofu, ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli, asubuhi akapima kamba bila maji. Kilo 1.6. Gramu 400 zilikuwa barafu. Kamba hufunikwa kwa utando mwembamba wa barafu ili wasikauke kwenye friza, na jambo hilo ni la kawaida. Kinachotofautiana ni unene wa utando huo, na kama uzito ulioandikwa mfukoni unauhesabu au la. Mzabuni alikuwa amebadilisha chapa bila kusema. Mifuko ya zamani iliuzwa kwa uzito wa kamba wenyewe, barafu ikiwa nje ya hesabu. Mipya inauzwa barafu ikiwa ndani.

Kwa hiyo ili mpishi apate gramu zake 150, hoteli inanunua karibu 188. Kwa sahani 20 kwa siku, hizo ni gramu 750 za barafu zilizolipiwa kwa bei ya kamba, yaani shilingi 22,500. Kilo ya kamba, kwa ukweli wake, imefika 37,500. Ongezeko hili ni la bei lililojificha ndani ya uzito, na ndiyo maana lilipita mlango wa tatu badala ya wa pili. Kumkaripia mpishi kusingeleta hata senti. Barua iliomba ruhusa ya mambo mawili: kila shehena ya kamba itolewe mfuko mmoja wa kuyeyushwa na kupimwa kabla ya ankara kusainiwa kwa malipo, na mzabuni aandikiwe kwamba hoteli italipia uzito baada ya kuyeyuka.

Wali niutaje kwa kifupi, ingawa ndio uliopigiwa kelele zaidi. Mhasibu alikuwa ameshasema hadharani kwamba fedha inapotelea kwenye sahani za wali zilizojaa kama kichuguu. Meneja alipima: upawa mpya ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani, na kila sahani ilipata ziada inayolingana na gramu 25 za mchele mkavu. Kwa wageni 130 ni kilo tatu na robo, ambazo kwa bei ya 3,000 hazifiki shilingi 10,000. Wali unaonekana kwa macho, ndiyo maana unashutumiwa. Upawa wa zamani ukarudishwa, na wali uliokuwa ukirudi kwenye sahani za wageni ukapungua siku hiyo hiyo.

Jambo la nne halikuwa la wageni kabisa. Mwezi Julai hoteli ilipokea wanafunzi 15 wa mafunzo kwa vitendo, nao wakala pamoja na wafanyakazi kutoka sufuria zile zile. Chakula chao kilikadiriwa kuwa shilingi 2,000 kwa kichwa, jumla 30,000 kwa siku. Kuwalisha ni halali na ni lazima. Kosa ni kuwaweka kwenye gharama ya mgeni, kwa sababu hapo mwenye hoteli atadhani sahani ya nguru imepanda bei kumbe ni ugali na maharage ya vijana. Chakula cha wafanyakazi kiwe na daftari lake, na vichwa vya nguru vikienda kwenye supu yao, viandikwe huko.

Jumlisha sasa: nguru 35,000, kamba 22,500, wali karibu 10,000, wanafunzi 30,000. Zinafika 97,500. Tulikuwa tukitafuta 117,000. Kuna kama 19,500 ambazo meneja hakuzipata.

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mwandishi huona aibu ya kubakiza, akaongeza kidogo kwenye nguru na kidogo kwenye wali hadi hesabu ifunge. Mwenye hoteli aliyewahi kufanya biashara atashtuka kuona hesabu ya jiko imefunga bila hata shilingi kubaki. Barua yetu iliandika hivi: "Shilingi 19,500 kwa siku bado sijaona zilikopitia. Inaweza kuwa mboga na matunda yaliyooza bila kuandikwa, inaweza kuwa mali iliyotoka bila kibali. Sitamtaja mtu kabla sijapima. Kuanzia Jumatatu, kuku, nyama, nguru, kamba na mafuta vitahesabiwa kila usiku baada ya jiko kufungwa, na kilichotoka kitalinganishwa na oda zilizouzwa. Kinachooza kitapimwa na kuandikwa kabla ya kutupwa."

Vitu vitano kila usiku vinahesabika kwa robo saa. Ukitaka vyote vihesabiwe, vitahesabiwa siku mbili, halafu watu wataanza kunakili takwimu za jana.

Sehemu ya mwisho ya barua ilieleza nini kitarudi na nini hakitarudi, jambo ambalo mwenye hoteli anastahili kulijua kabla ya kuanza kudai. Vipande vya nguru na upawa vikirekebishwa, na mzabuni wa kamba akikubali uzito halisi, zitarudi karibu 67,500 kwa siku, yaani kama shilingi 520 kwa mgeni. Wanafunzi wakihamishiwa daftari lao, gharama ya mgeni itashuka kwa shilingi 230 nyingine, ingawa fedha hiyo bado inatoka mfuko ule ule na barua ilisema hivyo waziwazi. Mgeni atasimama kwa kama 10,750. Shilingi 600 za bei zitabaki mpaka kusi lipungue, na hizo jiko haliwezi kuzirudisha.

Kwa hizo 600, meneja alimwachia mwenye hoteli uamuzi, lakini hakumwacha bila ushauri. Aliandika kwamba asingependa kipande kishushwe chini ya gramu 200, kwa sababu uzito huo umechapwa kwenye menyu na mgeni anaweza kuudai. Alipendekeza nguru apandishwe bei kidogo kwa miezi ya kusi, au sahani zake zipunguzwe na nafasi ichukuliwe na pweza au ngisi siku wanapopatikana kwa bei nzuri.

Mwenye hoteli, mama aliyeanza biashara kwa kuuza chakula kibandani, alijibu kwa mkono pembezoni mwa karatasi ile ile. Mizani ya pili inunuliwe. Mzabuni wa kamba aitwe Alhamisi, na mfuko uyeyushwe Jumatano usiku. Bei ya nguru ipande kuanzia Agosti, irudi kusi likiisha. Na vipande kumi vipimwe tena wiki ya pili ya Agosti, siku ambayo yeye mwenyewe ataichagua.